Vitambaa vya mavazi ya kukimbilia

Vitambaa vya mavazi ya kukimbilia ni vitambaa vilivyofumwa kwa nyuzi za kutengenezwa kiwandani, hasa poliesta, nailoni na elastani, ili kumsaidia mkimbiaji kwa namna tatu: kuondoa jasho kwenye ngozi, kubana misuli, na kurudisha mwanga wa taa za magari wakati wa giza. Vazi moja linaweza kuwa na sifa zote tatu, lakini kila sifa inatokana na jambo tofauti. Ya kwanza inategemea umbo la nyuzi, ya pili mvuto wa kitambaa, na ya tatu vishanga vidogo vya kioo vilivyobandikwa juu yake.

Sifa hizo hubadilisha pia jinsi vazi linavyoonekana mwilini. Alama za jasho, mng'ao, kuonekana kwa ngozi kupitia kitambaa na mistari ya kijivu inayogeuka kuwa nyeupe mbele ya taa vyote vinatokana na jinsi kitambaa kilivyotengenezwa.

## Historia

Hadi katikati ya karne ya 20 wakimbiaji walivaa zaidi pamba na sufu. Poliesta ilivumbuliwa nchini Uingereza mwaka 1941 na wanakemia John Rex Whinfield na James Tennant Dickson. Elastani, inayojulikana pia kama spandeksi au kwa jina la biashara Likra, ilivumbuliwa mwaka 1958 na Joseph Shivers katika kampuni ya DuPont nchini Marekani. Uzi wa elastani unaweza kuvutwa mara kadhaa ya urefu wake kisha ukarudi ulivyokuwa, na ndiyo maana asilimia chache tu zake hutosha kuifanya nguo ivutike.

Mwaka 1986 DuPont ilianza kuuza poliesta ya Coolmax, ambayo nyuzi zake hazikuwa za mviringo bali zilikuwa na mifereji ubavuni. Tangu hapo neno la "kuondoa jasho" likawa la kawaida kwenye lebo za fulana za michezo.

Vazi la mbio lililotazamwa na watu wengi zaidi kwa sababu ya umbo lake huenda ni lile la Cathy Freeman wa Australia. Tarehe 25 Septemba 2000, katika Michezo ya Olimpiki ya Sydney, alishinda mbio za mita 400 kwa sekunde 49.11 akiwa amevaa vazi la kipande kimoja lenye kofia, lililobana mwili na kutengenezwa kupunguza ukinzani wa hewa.

## Kuondoa jasho

### Jinsi inavyofanya kazi

Watu wengi hudhani kwamba fulana ya michezo hunywa jasho kuliko pamba. Ukweli ni kinyume. Katika hewa ya kawaida ya maabara, pamba hubeba maji yapatayo asilimia 8 ya uzito wake ndani ya nyuzi zenyewe, wakati poliesta hubeba takriban asilimia 0.4 tu. Jasho haliingii ndani ya uzi wa poliesta, bali husafiri juu yake na katika nafasi nyembamba zilizopo kati ya uzi na uzi. Nguvu inayolivuta ni ileile inayopandisha mafuta kwenye utambi wa taa.

Kadiri nafasi zilivyo nyembamba ndivyo zinavyovuta zaidi. Kwa sababu hiyo, vitambaa vizuri hufumwa kwa pande mbili zisizofanana: upande wa ndani una nyuzi nene zenye nafasi kubwa, na upande wa nje una nyuzi laini zenye nafasi ndogo. Jasho huvutwa kutoka ndani kwenda nje, kisha huenea juu ya eneo pana. Kuenea huko ndiko kunakolifanya likauke haraka, kwa kuwa tone lililotandazwa lina uso mkubwa zaidi unaogusana na hewa.

### Mipaka yake

Jasho hupoza mwili linapogeuka kuwa mvuke, na wala si linapohamishwa kutoka kwenye ngozi. Gramu moja ya jasho inayokauka huondoa joto la takriban kilojuli 2.4. Mkimbiaji anayezalisha joto la wati 700 hupata takriban kilojuli 2,520 kwa saa moja. Kama joto hilo lote lingeondolewa kwa jasho pekee, ingebidi zaidi kidogo ya lita moja ikauke katika saa hiyo. Iwapo atatoa lita moja lakini asilimia 40 yake ikadondoka chini bila kukauka, joto linaloondolewa ni kilojuli 1,440 tu, na linalobaki lazima litoke kwa upepo au lipandishe joto la mwili.

Hapo ndipo hali ya hewa inapoamua. Huko Iten, Kenya, kwenye mwinuko wa takriban mita 2,400, hewa ya mchana mara nyingi ni kavu na fulana ya poliesta hukauka ikiwa mwilini. Mombasa au Dar es Salaam katika msimu wa joto, hewa ina unyevu mwingi tayari, hivyo jasho linalofika nje ya kitambaa hubaki hapohapo. Fulana hiyohiyo italowa na kudondosha maji. Hiyo si dalili ya kitambaa kibaya, kwani hakuna ufumaji unaoweza kulazimisha hewa iliyojaa mvuke kupokea zaidi. Pwani, faida kubwa ya poliesta ni kwamba fulana haibebi maji mengi ndani ya nyuzi zake, hivyo haiwi nzito kama pamba na hukauka upesi ikianikwa. Nafasi ya hewa kupita, kama vile fulana isiyo na mikono au yenye matundu mgongoni, husaidia zaidi kuliko jina la kitambaa.

### Mwonekano

Kitambaa kikavu kina hewa kati ya nyuzi zake, na hewa hiyo hutawanya mwanga. Maji yanapochukua nafasi ya hewa, mwanga mwingi zaidi huingia ndani na mdogo zaidi hurudi, hivyo rangi huonekana imekolea. Badiliko hili huonekana zaidi kwenye rangi ya kijivu, hasa ile ya nyuzi zilizochanganywa nyeupe na nyeusi, na kwenye buluu hafifu. Nyeusi haina nafasi ya kukolea zaidi, lakini jasho likikauka huacha mistari myeupe ya chumvi. Nyeupe haikolei sana ila huanza kuonyesha ngozi. Michoro na rangi zilizochanganyika huficha alama za jasho, na hiyo ni sababu moja ya jezi nyingi kuwa na michoro kifuani na mgongoni.

Fulana iliyolowa pia hunata mwilini, kwa kuwa utando wa maji huvuta kitambaa kuelekea ngozi. Wafumaji hupunguza hali hiyo kwa kuufanya upande wa ndani uwe na vijinundu au umbo la sega la nyuki, ili kitambaa kiguse ngozi katika sehemu chache tu. Hata hivyo fulana pana mno haifanyi kazi vizuri, kwa sababu kitambaa kisichogusa ngozi hakiwezi kuchukua jasho lililopo juu yake.

Mng'ao wa fulana nao hutokana na uzi. Uzi mrefu usiokatwa, hasa wenye umbo la pembe tatu, hurudisha mwanga kama kioo na kuifanya nguo ing'ae. Watengenezaji wakitaka nguo isiyong'aa huchanganya unga wa dioksidi ya titani kwenye poliesta kabla ya kuivuta kuwa uzi.

## Kubana mwili

### Shinikizo na ukubwa wa kiungo

Nguo ya kubana, kama vile taiti na soksi ndefu, husukuma ngozi na misuli kwa shinikizo linalopimwa kwa milimita za zebaki, kipimo kilekile cha shinikizo la damu. Shinikizo hilo hutegemea mambo mawili: mvuto wa kitambaa na mviringo wa kiungo. Mvuto ukiwa uleule, kiungo chembamba hubanwa zaidi kuliko kinene. Kanuni hii hufahamika kama kanuni ya Laplace.

Mfano ni soksi inayofika chini ya goti. Tuseme kifundo cha mguu kina mzingo wa sentimita 22 na shavu la mguu lina mzingo wa sentimita 36. Kama soksi inabana kifundo kwa milimita 20 za zebaki, na mvuto wake ni uleule kote, basi shavu la mguu litabanwa kwa 20 × 22 ÷ 36, yaani takriban milimita 12. Soksi hubana zaidi chini na kulegea kadiri inavyopanda, kama inavyotakiwa ili damu isukumwe kuelekea juu.

Lakini mtu huyohuyo akichukua soksi ndogo kuliko saizi yake, shavu la mguu huivuta mno. Mvuto unapoongezeka hapo, tofauti kati ya juu na chini hupungua, au hata hugeuka na soksi ikabana zaidi juu. Kwa hiyo soksi za aina hii huchaguliwa kwa kupima kifundo na shavu la mguu kwa futi ya fundi cherehani, na siyo kwa namba ya kiatu peke yake.

### Faida zilizothibitishwa

Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba nguo za kubana hupunguza kidogo maumivu ya misuli yanayokuja siku moja au mbili baada ya mazoezi makali. Pia hupunguza mtikisiko wa misuli wakati mguu unapogonga ardhi, na wakimbiaji wengi huuhisi unafuu huo. Kuhusu kuongeza kasi, matokeo kwa jumla hayaonyeshi faida ya wazi katika mbio za masafa.

Nguo za kubana hazimfai kila mtu. Mwenye ugonjwa wa mishipa inayopeleka damu miguuni anaweza kudhurika kwa kubanwa, na anapaswa kumwona daktari kwanza. Kwa mtu mwenye afya, dalili kwamba nguo inabana kupita kiasi ni ganzi, vidole kuwa baridi au kubadilika rangi, na nyama kuvimba juu ya ukingo wa nguo. Alama hafifu za mshono zinazotoweka muda mfupi baada ya kuvua ni za kawaida.

### Mwonekano

Taiti hufuata umbo la mwili na kulainisha mistari yake. Vipande vya rangi nyeusi ubavuni na rangi hafifu katikati humfanya mvaaji aonekane mwembamba, kwa sababu jicho hufuata sehemu yenye mwanga zaidi. Mshono wa bapa, ambao kingo mbili za kitambaa hushonwa bila kupandiana kwa unene, hauonekani kama tuta na haukwaruzi mapaja.

Tatizo kubwa la mwonekano ni kitambaa kuonyesha ngozi. Kitambaa kinapovutwa, vitanzi vya ufumaji hufunguka na nafasi kati yake hupanuka. Taiti nyeusi inaweza kuonekana nzito inapokuwa imetundikwa dukani, lakini ikawa ya kijivu na kuonyesha nguo ya ndani mvaaji anapoinama. Mnamo Machi 2013 kampuni ya Lululemon ya Kanada iliondoa madukani suruali nyeusi za wanawake zilizokuwa zikionyesha mwili kuliko ilivyokusudiwa. Kampuni ilieleza kwamba suruali hizo zilikuwa takriban asilimia 17 ya suruali za wanawake zilizokuwa katika maduka yake. Kasoro ya aina hiyo haigunduliki kwa kutazama nguo iliyokunjwa. Kipimo chake ni kuvaa, kuchuchumaa karibu na dirisha lenye mwanga wa mchana, na kumwomba mtu mwingine atazame.

Badiliko la rangi linaweza pia kutoka kwenye chapa. Mchoro uliochapwa juu ya kitambaa cheupe hupasuka unapovutwa, na weupe wa chini hutokeza magotini na mapajani. Kitambaa ambacho uzi wake wenyewe umetiwa rangi hakina tatizo hilo kwa kiwango kikubwa.

## Kurudisha mwanga

### Vishanga vya kioo

Mistari ya kijivu kwenye fulana na taiti za kukimbilia imejaa vishanga vya kioo vidogo mno, ambavyo upande wao wa nyuma umepakwa alumini. Mwanga unaoingia kwenye kishanga hupinda, hugonga alumini na kurudi kulekule ulikotoka. Kioo cha kawaida cha kujitazamia hurudisha mwanga upande mwingine, isipokuwa umekipiga moja kwa moja, lakini vishanga huurudisha kwa dereva hata kama mkimbiaji amesimama kwa mshazari. Teknolojia hii ilitumika kwanza kwenye alama za barabarani.

Kwa sababu mwanga hurudi kwenye chanzo chake, dereva pekee, ambaye macho yake yako karibu na taa za gari, ndiye huona mstari ukiwaka. Mtu aliyesimama kando ya barabara huona kijivu tu. Ndiyo maana pia picha iliyopigwa kwa flashi usiku huonyesha mistari myeupe inayong'aa huku rangi nyingine za nguo zikipotea.

Rangi kali za njano na machungwa hufanya kazi tofauti. Hugeuza mionzi ya jua isiyoonekana kuwa mwanga unaoonekana, hivyo husaidia mchana na wakati wa machweo. Usiku wa giza, mbele ya taa za gari, haziwezi kuchukua nafasi ya vishanga.

### Umbali wa kusimama

Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa husafiri takriban mita 22 kila sekunde. Dereva akihitaji sekunde moja na nusu kutambua na kukanyaga breki, gari huwa limekwenda mita 33. Kwenye lami kavu, breki nzuri huhitaji mita nyingine 35 hivi, na jumla ni karibu mita 70. Taa za chini za gari huangaza vizuri takriban mita 40 hadi 60 mbele. Mkimbiaji aliyevaa nguo nyeusi anaweza basi kuonekana wakati gari haliwezi tena kusimama. Mistari mizuri ya kurudisha mwanga huonekana kutoka zaidi ya mita 150.

### Mahali pa kuweka mistari

Mwaka 1973 mwanasaikolojia Gunnar Johansson wa Uswidi alionyesha kwamba nukta chache za mwanga zilizofungwa kwenye viungo vya mtu anayetembea gizani hutosha kumfanya mtazamaji atambue mara moja kuwa ni mtu. Zikisimama tuli, nukta hizo hazina maana. Tafiti za usalama barabarani zilizofuata zilikuta jambo lilelile: mistari kwenye vifundo vya miguu, magoti, viwiko na vifundo vya mikono humtambulisha mkimbiaji mapema zaidi kuliko bamba kubwa kifuani. Kifua husogea kidogo na kinaweza kudhaniwa kuwa kibao au nguzo, lakini miguu inayopanda na kushuka haifanani na kitu kingine chochote barabarani.

Nembo ndogo ya kurudisha mwanga mgongoni, iliyopo kwenye fulana nyingi, ni pambo zaidi kuliko kinga.

## Utunzaji na dalili za kuchakaa

Nguo hizi hufuliwa kwa maji ya nyuzi joto zisizozidi 30 hadi 40, zikiwa zimegeuzwa ndani nje. Dawa ya kulainisha nguo haifai, kwa kuwa huacha utando wa mafuta juu ya nyuzi na kuzuia jasho kusafiri. Klorini hudhoofisha elastani, na pasi ya moto huharibu gundi inayoshika vishanga.

Poliesta hushika harufu kuliko pamba. Mafuta ya mwili hung'ang'ania nyuzi zake, na bakteria wa jenasi Micrococcus huzaliana vizuri juu yake. Fulana inayonuka mara tu inapopata joto la mwili, ingawa ilitoka kufuliwa, kwa kawaida ina mafuta yaliyobaki. Kuiloweka katika maji yenye sabuni ya kutosha kabla ya kuifua husaidia zaidi kuliko manukato.

Uchakavu unaweza kutambuliwa bila vifaa maalumu, jambo linalowafaa hasa wanunuzi wa mitumba:

* Kuondoa jasho: tone la maji huwekwa upande wa ndani. Kwenye kitambaa kizuri hutandaa na kutokeza upande wa nje ndani ya sekunde chache. Likibaki kama kishanga, kitambaa kina utando au dawa yake imekwisha. Pamba nayo hunywa tone upesi, hivyo tofauti yake na poliesta huonekana wakati wa kukauka.
* Kubana: kitambaa huvutwa kwa mikono kisha kuachwa. Kikichelewa kurudi, au magoti yakibaki na umbo la mfuko, elastani imechoka. Vijinywele vyeupe vinavyochomoza kwenye taiti nyeusi ni nyuzi za elastani zilizokatika.
* Kurudisha mwanga: tochi ya simu huwekwa kando ya jicho na kuelekezwa kwenye nguo iliyotundikwa umbali wa mita kadhaa gizani. Sehemu zinazobaki nyeusi zimepoteza vishanga. Mstari ukilowa maji pia unaweza kufifia, hata ukiwa mzima, kwa kuwa maji juu ya vishanga hubadilisha jinsi mwanga unavyopinda.

## Tazama pia

* Poliesta
* Pamba
* Jasho
* Mbio za marathoni